Makadirio ya bei: tafsiri ya Kifaransa kwenda Kiswahili kwa maonyesho ya historia ya Bagamoyo

Dunda, Bagamoyo
Jumatatu, 9 Juni 2025

Dada Mratibu,

Habari za kazi, na pole na maandalizi. Mafaili yote matatu yamefika na nimeyasoma mpaka mwisho kabla ya kuandika bei, kwa sababu kazi hizi tatu hazilingani na si haki kuzitoza kiwango kimoja.

Nahesabu maneno ya Kifaransa, si ya Kiswahili. Kiswahili hushikamanisha: sentensi ya maneno sita ya Kifaransa inaweza kutoka neno moja kwetu. Zaidi ya hapo, maneno ya Kifaransa yapo tayari, kwa hiyo unajua gharama kabla sijaanza.

Maelezo ya mabango na picha ni Kifaransa cha leo, kilichopigwa chapa vizuri. Kompyuta inaonyesha maneno 2,287, lakini Wafaransa huacha nafasi kabla ya nukta pacha na alama ya kuuliza, na kompyuta huzihesabu alama hizo kama maneno. Nimeziondoa, yakabaki 2,140. Kwa shilingi 120 kila neno, ni 256,800.

Mkataba wa ufadhili una maneno 1,900, ila 260 ni vichwa vya kurasa na vifungu vinavyojirudia vilevile. Hayo 260 sikutozi. Yanabaki 1,640 kwa shilingi 160, kwa kuwa lugha ya sheria haitaki kukisia, jumla 262,400. Umesema unatiwa saini Alhamisi. Kuupata Jumatano jioni, ukiwa umeshapitiwa mara ya pili, kunanilazimu kusimamisha kazi nyingine, kwa hiyo naongeza asilimia 30, yaani 78,720. Mkataba unakuwa 341,120. Saini ikisogezwa hadi wiki ijayo, nyongeza hiyo inafutika.

Kazi nzito ni barua za wamisionari. Ni picha za kurasa 14 za mwandiko wa mkono wa miaka ya 1870. Wino umepita upande wa pili wa karatasi, vyeo vya mapadre vimefupishwa, na majina ya vijiji vyetu yameandikwa kama sikio la Mfaransa lilivyoyasikia. Itanibidi kwanza niunakili mwandiko wote, ndipo nitafsiri. Na nakala hiyo ya Kifaransa nitakukabidhi pia, maana itawafaa watafiti watakaokuja. Kwa msamiati wa pwani wa zama hizo nitategemea kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux ya 1939, ambayo kwa kazi hii inabidi isomwe kinyumenyume. Ndiyo maana natoza shilingi 220 kwa neno.

Nimehesabu kurasa tatu, nikapata wastani wa maneno 230 kwa ukurasa, hivyo nakadiria 3,220, sawa na shilingi 708,400. Hesabu kamili itajulikana nikimaliza kunakili. Ikipungua, utalipa pungufu. Ikizidi, sitavuka 779,240. Mahali pasiposomeka nitaweka alama, sitabuni. Na jinsi wamisionari walivyowaeleza watu waliokombolewa utumwani sitailainisha. Wajukuu wa watu hao wako hapa mjini na watayasoma mabango haya. Wanastahili kuona kilichoandikwa hasa.

Jumla ni shilingi 1,306,320.

Uliuliza kama vyote vinaweza kuwa tayari Ijumaa. Mabango na mkataba, ndiyo, ila barua hapana, hata ukiniongezea fedha. Mwandiko ule naumudu kwa takriban maneno 700 kwa siku, na baada ya hapo macho huanza kusoma yasiyokuwepo. Maonyesho yenu yanafunguliwa mwezi wa saba, basi napendekeza hivi: mkataba Jumatano 11 Juni, mabango Jumatatu 16 Juni bila nyongeza yoyote, na barua Jumanne 24 Juni. Barua mbili zinazoeleza tufani ya 1872 nitazitanguliza, ili mchoraji wa mabango asikae akizisubiri.

Bei inahusu tafsiri, upitiaji wangu, na masahihisho mtakayoomba ndani ya siku 14. Kubadilisha Kifaransa chenyewe baada ya mimi kuanza kutahesabiwa upya. Kupanga maandishi ndani ya mabango hakumo, ila nitayapitia bure kabla hayajachapwa, kwani hapo ndipo herufi hudondoka.

Naomba 520,000 za awali kabla ya kuanza, na salio ndani ya siku 14 baada ya barua kukabidhiwa. Bei ni kabla ya kodi ya zuio; mkikata asilimia 5, naomba cheti chake. Makadirio haya yanadumu hadi 20 Juni, isipokuwa mkataba: kwa huo nahitaji jibu lako leo kabla ya saa kumi jioni.

Wako katika kazi,
Mtafsiri wa Kifaransa na Kiswahili
Dunda, Bagamoyo