Barua ya Mapendekezo kwa Bi. Veronika Maganga, Mwombaji wa Shahada ya Uzamivu ya Theolojia

Idara ya Theolojia,
Tabora.
14 Julai 2025

Kwa: Wajumbe wa Kamati ya Udahili,
Shahada ya Uzamivu ya Theolojia.

Ndugu Wajumbe,

YAH: BI. VERONIKA MAGANGA

Nimemfundisha Bi. Maganga Kigiriki cha Agano Jipya na ufafanuzi wa Waraka kwa Waebrania, kisha nikamsimamia tasnifu yake ya shahada ya umahiri, aliyoikamilisha Mei mwaka huu. Ninampendekeza kwenu bila kusita.

Tasnifu yake inamhoji Padri Charles Nyamiti, mwanateolojia aliyezaliwa hapa Tabora, juu ya hoja yake kwamba Kristo ni Mhenga wetu, Mhenga aliye pia Kaka. Wanafunzi wengi hulishangilia jina hilo au hulikataa, na kazi inaishia hapo. Yeye alizichukua sifa ambazo Nyamiti anaona mhenga lazima awe nazo (undugu, hadhi takatifu inayopatikana kwa kifo, upatanishi, kielelezo cha mwenendo, na haki ya kuwasiliana na walio hai kwa sala na matambiko) akaipima kila moja kwa maandiko ya Waebrania. Undugu ukasimama vizuri katika 2:11–14, ambako Mwana anashiriki damu na mwili. Ukakwama sura ya 7. Melkizedeki anatajwa hana baba wala mama, na ukuhani wa Kristo unategemea nguvu za uzima usio na ukomo, si ukoo. Hitimisho lake ni kwamba jina la Mhenga linaeleza udugu wa sura ya 2 lakini haliwezi kuubeba ukuhani wa sura ya 7. Nilimpinga kwa miezi kadhaa kwa kutumia 7:14, inayomtaja Bwana kuwa wa kabila la Yuda. Akajibu kwamba mwandishi anaitaja Yuda ili kuonyesha kuwa Kristo hakupata ukuhani kwa nasaba, kwa kuwa Musa hakunena lolote juu ya makuhani wa kabila hilo. Jibu hilo ni sahihi, na alilifikia kwa kusoma Kigiriki mwenyewe.

Upande wa mahojiano pia unastahili kutazamwa. Alizungumza na wazee 31 wa Urambo, Sikonge na Ndala. Mahojiano ya kwanza, yaliyofanywa kwa Kiswahili, yalimletea majibu ya katekisimu: mzee anaulizwa habari za mizimu, naye anajibu kama aliyesimama mbele ya mchungaji. Veronika aliligundua tatizo hilo aliponukuu kanda, kabla sijamwambia lolote. Akarudi kwa wazee 9, akawauliza kwa Kinyamwezi, akianza na majina ya Mungu kama Likube na Liwelelo, kisha mazishi na urithi wa majina, na ndipo habari za wahenga. Majibu yakabadilika. Mzee mmoja akasema mhenga hudumu maadamu yupo wa kumtaja. Kauli hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye 7:25, ambako Kristo yu hai siku zote ili awaombee, na hapo ndipo penye ukurasa bora wa tasnifu nzima. Alihifadhi pamoja matoleo yote mawili ya mahojiano ili msomaji ajionee tofauti. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu.

Wastani wake ni 4.4 kati ya 5.0. Kigiriki anakisoma bila kamusi katika maandishi ya kawaida. Waebrania haimo katika kundi hilo, na bado anaimudu. Kiebrania chake kinatosha kufuatilia Zaburi zinazonukuliwa katika waraka, ingawa mwandishi mwenyewe anafuata tafsiri ya Kigiriki, jambo ambalo Veronika analizingatia.

Udhaifu wake mkubwa ni Kijerumani. Ameanza mwaka huu, na sehemu kubwa ya ufafanuzi wa kina wa Waebrania imeandikwa kwa lugha hiyo. Ninashauri mumwekee mtihani wa kusoma mwishoni mwa mwaka wa kwanza, kwa sababu akiachiwa atautanguliza utafiti wa nyanjani, anaoupenda. Pia huandika rasimu ndefu: sura ya tatu ilikuja na kurasa 74, ikatoka na 41. Hupunguza vizuri akielezwa sababu, ila msimamizi awe mtu wa kusoma mapema, asisubiri sura nzima.

Pendekezo lake la uzamivu linalinganisha usomaji wa 11:39–12:2 katika sharika za Wanyamwezi wa Tabora na za Waha wa Kigoma. Atahitaji wasimamizi wawili, mmoja wa Agano Jipya na mwingine wa theolojia ya Kiafrika. Akipewa mmoja tu, nusu ya kazi itabaki bila mwamuzi. Kiha hakijui, naye ameeleza wazi katika pendekezo kwamba atafanya kazi na mkalimani na kurekodi maneno ya awali.

Kati ya wanafunzi niliowasimamia katika shahada ya umahiri, ni huyu ninayemwona tayari zaidi kwa uzamivu. Nipo tayari kujibu maswali ya Kamati kwa simu au kwa maandishi.

Wenu katika utumishi,

Dkt. Elias Kapela
Mhadhiri Mwandamizi, Agano Jipya