Dakika 10 za Jua: mswada wa kurekodi mchezo wangu wa kwanza wa Minecraft

Tunarekodi Jumamosi saa 4 usiku, chumba cha nyuma, malori ya mpakani yakiwa yamepunguza honi. Mdogo wangu, kaa nyuma yangu na simu uhesabu dakika. Usinidokeze kitu, hata nikielekea shimoni.

SEMA ni maneno yangu. KIMYA ni mdomo kufungwa huku mikono ikiendelea. MAANDISHI utayaweka wewe wakati wa kukata video.

Kabla ya kuanza

OBS, programu yetu ya kurekodi skrini, ihifadhi faili kwa MKV. Mwezi jana umeme ulikatika tukitumia MP4 na saa nzima ya majaribio ikapotea. Maiki iende njia ya 2, sauti ya mchezo njia ya 3, ili uweze kuipandisha ninaponyamaza. Muziki wa mchezo usizimwe: huja na kuondoka wenyewe, na ukimya wake ndio utakaobeba nusu ya video hii. Dunia mpya, hali ya Survival, ugumu wa Normal, jina `Busia`.

Mwanzo

Usiweke salamu kwanza. Chukua sekunde 8 za usiku, giza na zombi anayeguna nje ya ukuta. KIMYA. Kisha kata uje kwenye jua.

SEMA: "Hicho ni kitu cha baadaye. Sasa ni asubuhi. Hamjambo, ndugu zangu. Nimetazama wengine wakicheza Minecraft kwa miaka, lakini mikono yangu haijaigusa hadi leo. Mchana wa huku ni dakika 10 tu. Kabla jua halijazama nataka vitu vitatu: mlango, mwanga na kitanda."

Basi. Nisieleze zaidi, maana hivyo vitatu ndivyo mtazamaji atakavyokuwa akivihesabu nami.

Mti

KIMYA tangu pigo la kwanza. Kigogo cha kwanza kibaki kizima, tusikie mkono ukigonga mpaka kikatike. Vinavyofuata vikate vifupi. Nisiseme "sasa nakata mti". Kila mtu anaona.

MAANDISHI: *Kigogo 1 = mbao 4. Benchi la kazi = mbao 4.*

Nikikosea kutengeneza kitu, kosa libaki. Nikicheka, cheko libaki. Nisitengeneze cheko.

Kondoo

Hapa nafungua mdomo kwa sababu kuna uamuzi. Kitanda kinataka mbao 3 na sufu 3 za rangi moja, na kondoo huenda wakawa mbali.

SEMA, nikiwa nimesimama: "Jua limeshapita utosi. Nifuate kondoo au nichimbe pa kujificha? Nawapa sekunde 5, chagueni."

KIMYA sekunde 5 kamili, kamera ya mchezo ikitazama jua. Halafu naondoka bila kutangaza niendako. Wakati wa kutembea nikitamani kujaza hewa, nikumbuke mama anavyosimulia: akifika penye mto hunyamaza, na sisi ndio tunaouliza, "Ehe, ikawaje?"

Pasipo kondoo, SEMA moja tu: "Kitanda hakipo leo. Vimebaki viwili."

Usiku

Hii ndiyo roho ya video, tusiharakishe. Usiku mzito ni kama dakika 7. Nataka 4 zibaki.

Nikishaingia shimoni na kuziba mlango, nataja ninachosikia, kwa sauti ya chini kama mtu aliye na watoto waliolala: "Huyo ni zombi. Huyo mwingine mifupa inagongana." Kati ya sentensi na sentensi, angalau sekunde 20 za KIMYA. Nichimbe polepole. Mwenge ukiwaka kwa mara ya kwanza, nisiseme chochote.

Kripa akitokea, nitasikia mzomeo wake sekunde moja na nusu kabla hajalipuka. Yatakayonitoka hapo hayaandikwi, na usiyakate.

Nikifa: KIMYA, skrini ya kifo ikae sekunde 3. Kisha SEMA: "Vitu vyangu viko chini pale, na vitatoweka baada ya dakika 5. Twende." Wewe weka saa inayohesabu kwenye kona, mimi nikimbie bila neno. Saa hiyo inasema kuliko mimi.

Alfajiri

Nabomoa bloku moja tu ya ukuta na kuchungulia. Mazombi huungua jua likichomoza. Tuwatazame sekunde 15. KIMYA. Hata honi ya lori ikiingia dirishani muda huo, acha iingie.

SEMA: "Mlango upo. Mwanga upo." Kuhusu kitanda niseme kweli, kiwepo kisiwepo.

Natoka nje, nageuka kulitazama shimo langu. Kata hapo, kabla sijafika mbali. Kuomba watu wajiunge na chaneli kuwe MAANDISHI chini ya skrini, si mdomoni mwangu.

Zima OBS wewe, mdogo wangu, kisha tukatafute rolex ya mayai kabla jamaa wa chapati hajafunga.