Meseji za msafara wa Umra: Maalim wa Wete, Pemba, na hoteli ya Malindi mjini Unguja

JUMATATU

Maalim Khamis, saa 3:10 asubuhi
Assalaam alaykum dada Zuwena. Mie Maalim Khamis wa Wete, tuliongea wiki ile kwa simu. Msafara umekamilika alhamdulillah, watu 34, wanawake 19 na wanaume 15 na mie nimo ndani. Tunafika Jumamosi kwa boti ya asubuhi kutoka Mkoani, tunalala Jumamosi na Jumapili, Jumatatu mchana tunaondoka kwenda uwanja wa ndege. Nataka tupange vyumba leo leo maana mwaka jana tulifika mahali (si kwenu) tukakuta vyumba vitatu vimepewa watu wengine na wazee wakakaa kwenye viti mpaka saa 5 usiku, na mie hilo sitaki tena maishani mwangu

Zuwena hotelini, saa 3:42
Waalaykum salaam Maalim. Karibuni sana. Vyumba vyenu vipo na nshaviandika kwenye daftari kwa jina lako, hakuna atakaevigusa. Nambie mgawanyo, wangapi mke na mume

Maalim Khamis, saa 3:58
Mke na mume jozi 5. Baada ya hapo wanabaki wanawake 14 na wanaume 10. Mie nilifikiria wanawake vyumba 4 vya watatu watatu na kimoja cha wawili, wanaume viwili vya watatu na viwili vya wawili. Jumla 14

Zuwena hotelini, saa 4:20
Sawa, 14. Vya watatu 6 kwa 120,000 na vya wawili 8 kwa 90,000, hiyo ni 1,440,000 kwa usiku, mara mbili 2,880,000 na chai ya asubuhi imo. Vyakula vya mchana na usiku mara 5, kwa kichwa 9,000, ni 1,530,000. Jumla 4,410,000. Ukitanguliza nusu mpishi anaanza kuagiza

Maalim Khamis, saa 4:31
Nusu naituma leo benki baada ya adhuhuri. Sasa kitu kikubwa, hoteli yenu haina lifti na ngazi zenu nazijua zile za mbao zilivyosimama. Chini mna vyumba vingapi?

Zuwena hotelini, saa 4:35
Chini vitatu tu Maalim. Viwili vya watatu, kimoja cha wawili. Ghorofa ya kwanza ngazi 14

Maalim Khamis, saa 5:02
Basi nisikilize dada. Bi Time ana kigari cha kusukumwa na anakuja na mwanawe wa kike, hawa lazima chini. Wazee watatu wa kiume magoti yao hayafai, chini. Halafu yuko mzee wa Kojani na mkewe, huyu mzee anapumua kwa tabu akipanda hata kilima kidogo. Bi Time na mwanawe wakae chumba cha watatu pamoja na bibi mwengine mmoja mzee, kile cha wawili apewe mzee wa Kojani na mkewe, na chumba chao cha juu walale wanawake wawili wenye nguvu. Hesabu yako haibadiliki

Zuwena hotelini, saa 5:15
Umepanga vizuri, naandika hivo hivo. Kigari kinapita mlangoni nimepima kwa futi, ila choo cha chini kina kizingiti kidogo, ntamwambia fundi aweke ubao wa kuteremkia

Maalim Khamis, saa 5:17
Mungu akulipe. Bi Time huyu aliweka pesa za karafuu miaka 11, kila msimu anatoa kidogo anaficha. Nataka asije kuona aibu hata dakika moja

JUMATANO

Zuwena hotelini, saa 4:05 asubuhi
Maalim pesa imeingia, risiti nimekupigia picha hiyo. Mpishi anauliza vyakula

Maalim Khamis, saa 4:40
Chakula kiwe cha kwetu, wasijaribiwe. Jumamosi mchana wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Usiku mkate wa ufuta na mchuzi wa kuku. Jumapili asubuhi uji wa mtama, chapati, mayai, mchana pilau usiku samaki wa kupaka. Jumatatu mchana wali na samaki wa kukaanga basi, maharage msitie siku hiyo, tumbo likijaa hewa kwenye ndege mzee anateseka, na urojo pia hapana. Watu 6 wana sukari, uji wao utolewe pembeni kabla ya kutiwa sukari na si kuwaambia wachague wao mezani. Presha ni wengi sijawahesabu, chumvi iwe kidogo kwa wote, anaetaka aongeze. Mmoja kati ya wenye sukari ana insulini, hiyo ikae friji ya jikoni, si ile ya vinywaji ya mapokezi inayofunguliwa kila saa

Zuwena hotelini, saa 5:00
Sawa. Friji ya jikoni namuwekea kikopo chenye jina lake. Jumatatu kuna watakaofunga?

Maalim Khamis, saa 5:08
Wapo 7 walisema wanafunga kwa kuwa ni Rajabu na Jumatatu, nimewakatalia wenye sukari wote, wengine 3 bado hawajaamua. Wawekee daku saa 10 usiku, alfajiri inaingia kama saa 11. Chai na mkate na mayai yatosha. Chakula chao cha mchana usikipike

Jengine, kibla. Juzi kijana wangu alipita hapo akaniambia chumba kimoja cha ghorofa ya pili mshale wa darini unaangalia baharini. Sie huku Makka iko kaskazini takriban moja kwa moja, inasogea upande wa mashariki kidogo mno. Baharini kwenu ni magharibi. Naomba upimwe tena kwa dira

Zuwena hotelini, saa 6:30
Astaghfirullah, kweli. Waliopiga rangi walitoa ule mshale wakaubandika upya. Nimepima mwenyewe vyumba vyote 14 sasa hivi, viwili vilikuwa vibaya, vimerekebishwa

Maalim Khamis, saa 6:33
Ahsante sana kwa kusema viwili, mie nlijua kimoja tu

ALHAMISI

Maalim Khamis, saa 2:15 usiku
Samahani kwa usiku. Jambo la ihramu. Tunakwenda Jedda kupitia Addis Ababa, si Madina kwanza, kwa hio wanaume watavaa shuka zao hapo hapo hotelini Jumatatu na nia wataitia angani wakikaribia mikati. Baada ya nia manukato hayafai. Kwa hiyo zile sabuni ndogo za waridi mlizoweka bafuni naomba ziondolewe Jumatatu asubuhi ziwekwe zisizo na harufu, na vile vitambaa vya ihramu mkitupigia pasi visifukizwe udi wala kupuliziwa chochote. Najua nyinyi mnafukiza mashuka kwa ukarimu, mashuka ya kitanda fukizeni, hizi shuka mbili nyeupe hapana. Wanawake nguo zao za kawaida tu, hao hawana taabu

Zuwena hotelini, saa 2:40
Nimeelewa, dobi ntamwambia mwenyewe. Ila mie nina wasiwasi na maji. Watu 34 wakitaka kuoga saa 4 pamoja tangi halitoshi, lina lita 5,000 na mfereji unakuja kwa zamu, Jumatatu sina hakika zamu yetu iko saa ngapi

Maalim Khamis, saa 2:52
Hapo umenisaidia. Basi wanawake waoge saa 2 mpaka 3 baada ya chai, wanaume saa 3 na nusu mpaka 4 na nusu, wazee wa chini waanze wao kabla ya wote. Chakula saa 5 na nusu. Adhuhuri inaingia saa 6 na nusu hivi, tunasali na alasiri pamoja, jamu na kasri, saa 7 kamili basi liwe limesimama barabarani Malindi. Ndege ni saa 10 na dakika 35 ila nataka Terminali 3 tufike mapema maana Bi Time anahitaji kigari cha uwanjani na watu wangu wanapotea

Zuwena hotelini, saa 3:01
Mikokoteni miwili ya mizigo saa 6, mahamali nawajua. Jumapili mafunzo mnafanyia wapi?

Maalim Khamis, saa 3:10
Uani. Meza na viti vitolewe, liwekwe boksi kubwa katikati nilizunguke nao mara 7, Al-Kaaba iwe upande wa kushoto kila mmoja aione kwa mwili wake. Na sai tutaifanya kutoka mlango wa jikoni mpaka ngazi, mara 7, kwenda moja kurudi moja. Mtu akifanya hapo kwa miguu yake akifika kule hababaiki. Karatasi nimewapa mara tatu, karatasi haiwasaidii

JUMAMOSI

Maalim Khamis, saa 2:20 asubuhi
Dada boti haijaondoka Mkoani. Kaskazi imevuma usiku bahari mbaya, wanasema labda saa 4 labda saa 5. Wazee wako kwenye baraza la bandari, wametulia, lakini chakula cha mchana hatutakiwahi

Zuwena hotelini, saa 2:24
Usijali, wali naupika mkishapanda. Niandikie mkishatoka tu

Maalim Khamis, saa 5:35
Tumetoka. Watu 4 wanatapika. Naomba maji ya tangawizi na limau ya moto mlangoni, wasianze na samaki

Zuwena hotelini, saa 5:37
Ntaweka thamosi mbili. Njoo taratibu, mtu wetu yuko bandarini na kofia nyeupe na kibao kimeandikwa Wete

Maalim Khamis, saa 10:50 jioni
Tumekaa. Sote vyumbani. Jambo moja, wengi hawa ni mara yao ya kwanza kulala hotelini, mmoja amekaa nje ya mlango kwa kuwa hakujua ufunguo unageuzwa mara mbili, kaona haya kuuliza. Naomba yule kijana wako apite chumba kwa chumba aoneshe ufunguo, bomba la maji moto na mpira wa maji chooni, aoneshe kwa upole, kwa wanawake aende dada

Zuwena hotelini, saa 10:52
Naenda mwenyewe sasa hivi

JUMATATU

Zuwena hotelini, saa 1:30 asubuhi
Daku walikula 5. Sabuni zimebadilishwa. Maji yamekuja saa 11 alfajiri, tangi limejaa alhamdulillah

Maalim Khamis, saa 7:08 mchana
Tumeondoka dada. Watu 34 nimewahesabu mara mbili. Bakaa ya pesa nimemuachia yule wa mapokezi, amesaini

Maalim Khamis, saa 7:49
Dada Zuwena insulini! Tuko uwanjani, mwenyewe kakumbuka sasa hivi, iko kwenye friji ya jikoni

Zuwena hotelini, saa 7:50
Ndio naiona. Nafunga na barafu ndani ya kitambaa, bodaboda anatoka. Mzee asimame nje ya mlango wa Terminali 3 upande wa mabasi

Maalim Khamis, saa 8:17
Imefika, baridi. Bi Time anakusalimu, anasema akifika pale mbele ya Al-Kaaba atakutaja kwa jina na jina la mama yako, mwambie mama yako anaitwa nani

Zuwena hotelini, saa 8:19
Mwambie Mwanaisha binti Juma. Nalia hapa Maalim. Nendeni salama