Mbona Shangazi Anaganda? Skripti ya Dakika 3

(Mfano ni mmoja tu: feri ya Likoni. Kameramani, tusitoke kivukoni hata kama mvua itanyesha.)

0:00
PICHA: Simu mkononi. Shangazi, aliye Dubai, ameganda mdomo wazi. Nyuma, honi ya feri.
SAUTI: Umelipia kifurushi kikubwa cha intaneti, na shangazi bado anaganda. Ukimuuliza kitu, jibu lake linakuja wewe ushaanza swali la pili. Haya, twende Likoni.

0:25
PICHA: Feri inashusha mlango. Magari, mikokoteni, umati. Maandishi: UPANA.
SAUTI: Zile megabiti kwa sekunde ulizouziwa ni ukubwa wa feri hii: watu wangapi wanavuka kwa mpigo. Feri ikiwa kubwa, wengi zaidi watavuka.

0:45
PICHA: Mama mmoja ukingoni, mahamri kwenye gazeti lililoloa mafuta. Saa inahesabu pembeni mpaka ng'ambo. Usikate! Mtazamaji na achoke kidogo.
SAUTI: Lakini mtazame huyu mama. Feri iwe kubwa, iwe ndogo, mkondo ni uleule; atafika muda uleule. Huo ndio ucheleweshaji, na kifurushi hakiupunguzi. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, yaenda hadi Fujaira, jirani na Dubai aliko shangazi, karibu kilomita 5,000 chini ya bahari. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, milisekunde 50. Hata jicho hujapepesa.

1:35
PICHA: Jioni. Foleni ya magari imejikunja. Tuktuk imebanwa baina ya lori mbili; dereva amezima injini, anachambua njugu.
SAUTI: Basi kinachomgandisha shangazi ni nini? Foleni. Nyumbani mmoja anapakua gemu, mwingine anatazama mpira. Sauti ya shangazi imekatwa vipande vidogo vidogo, navyo vimekwama kwenye rauta nyuma ya malori ya gemu, kama tuktuk hii. Hapa mfano wangu unapwaya: Likoni ukikosa nafasi utangoja feri nyingine. Rauta ikijaa, vipande vinavyozidi hutupwa baharini. Ndipo uso unapoganda.

2:15
PICHA: Upande wa Likoni, kibanda cha mahamri, mvuke juu ya karai.
SAUTI: Na mbona YouTube haikwami hivyo? Kwanza, simu huvuta sekunde kadhaa mapema na kuziweka akiba. Pili, nakala za video zinazopendwa huwekwa karibu nawe. Mahamri yako hapa Likoni, ya nini kuvuka? Lakini neno la shangazi halina nakala, hajalisema bado. Lazima livuke sasa hivi, likiwa moto.

2:45
PICHA: Mkono unasimamisha upakuaji wa gemu. Tuktuk inapanda feri. Shangazi anaganduka.
SHANGAZI: ...nimekuuliza mara tatu, mamako amepona mguu?
PICHA: Mlango wa feri unapanda. Honi. Giza.