Vifungo Upande wa Kulia

Jumatatu, 17 Novemba (saa za Nairobi)

17:12 MUENI: Mama, habari za jioni? Biashara imeendaje?

17:15 MAMA: Salama mwanangu. Gikomba ni matope tu leo. Umekula?

17:15 MUENI: Nimekula. Huku bado ni saa nane mchana, lakini ikifika saa kumi jua linazama.

17:16 MAMA: Saa kumi! Sasa watu wa Glasgow huanika nguo saa ngapi?

17:17 MUENI: 😂 Hawaaniki. Tazama, niko nje ya maktaba. [Picha]

17:21 MAMA: Umependeza. Hilo koti ni la nani?

17:22 MUENI: Langu.

17:22 MAMA: Mabega yameshuka hadi karibu na viwiko.

17:23 MUENI: Ndiyo mtindo wa sasa.

17:24 MAMA: Na vifungo viko mkono wako wa kulia. Hilo ni koti la kiume.

17:26 MUENI: Simu imegeuza picha, mama. Kama kioo.

17:27 MAMA: Mueni. Maandishi ya mlangoni nyuma yako yanasomeka vizuri. Picha haijageuka. Mimi nauza makoti tangu ukiwa mgongoni. Mwanamume huyo ni nani?

17:28 MUENI: Hakuna mwanamume!

17:28 MAMA: Koti limejinunua?

17:30 MAMA: Ana kazi?

17:30 MAMA: Ni Mkenya?

17:33 MUENI: Mama, ni koti la kaka yake Amina, yule msichana ninayeishi naye. Kaka yake alilisahau akarudi kwao Khartoum. Tunalivaa kwa zamu. Jumatatu na Jumatano ni langu.

17:34 MAMA: Na Jumanne?

17:36 MUENI: Navaa sweta mbili na leso.

17:37 MAMA: Uliniambia umenunua koti Oktoba.

17:41 MUENI: Nilitaka kununua. Halafu Mutua akaniambia amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

17:42 MAMA: Zile elfu 14?

17:42 MUENI: Ndizo.

17:43 MAMA: Ulisema chuo kimewapa posho.

17:44 MUENI: Ungezikataa.

17:52 MUENI: Mama?

17:58 MUENI: Mama, uko?

18:03 MAMA: Nilikuwa na mteja. Anataka koti la mtoto kwa shilingi hamsini.

18:04 MUENI: Umekasirika?

18:04 MAMA: Sana. Kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono ni shibiri ngapi?

18:06 MUENI: Zangu au zako?

18:06 MAMA: Zako. Usiongeze.

18:07 MUENI: Tatu, na vidole viwili.

Alhamisi, 20 Novemba

06:48 MAMA: Tumefungua belo la makoti. Nimefika kabla ya wote.

06:49 MAMA: [Picha] Kamera kabisa, daraja la kwanza. Sufi, bitana nzima. Vifungo kushoto.

06:50 MUENI: Mama, ni zuri mno! Liuze, utapata pesa.

06:51 MAMA: Kuna mama amenipa 1,500. Nimemwambia lina mwenyewe.

06:55 MAMA: Ndani kuna kibandiko cha bei. Pauni 18.

06:56 MUENI: Basi limetoka huku Uingereza! Linarudi kwao.

06:57 MAMA: Limesafiri kukushinda. Kijana wa Mama Njoki anakuja huko Desemba, atakuletea. Yeye ana mke, kwa hivyo usinipe wasiwasi.

Jumatatu, 8 Desemba

20:31 MUENI: Limefika!!! [Picha]

20:32 MAMA: Geuka nikuone mgongo.

20:34 MUENI: [Picha] Linanitosha kama nimeshonewa. Lakini mbona zito hivi?

20:35 MAMA: Mfuko wa kulia ni majani ya chai. Wa kushoto ni njugu karanga. Usimpe Amina zote, ila mpe.

20:36 MUENI: Ameshaanza kuzila. Anakusalimia. Anasema sasa lile la kaka yake ni lake wiki nzima.

20:38 MAMA: Mwambie alipunguze mikono kwa fundi. Karo ya muhula ujao nimeshaanza kuweka kwa chama. Wewe lipa vyako.

20:39 MUENI: Sawa mama.

20:39 MAMA: Sawa ya kweli?

20:40 MUENI: Ya kweli. Saa zangu za kazi ni 20 tu kwa wiki, hata nikitaka siwezi kukudanganya tena.

20:41 MAMA: Umeangalia mfuko wa ndani?

20:42 MUENI: Kuna kifungo. Kimoja.

20:42 MAMA: Cha akiba. Kile cha tatu kimelegea, kishone kabla hakijadondoka.

20:43 MUENI: Sina sindano.

20:43 MAMA: Iko chini ya ukosi, pamoja na uzi. Angalia usijichome.

20:44 MUENI: Nimeshajichoma.