Muhtasari wa mkutano wa matokeo ya nusu mwaka 2025, kwa mwenye hisa 2,000

Shangazi, shikamoo. Nimesoma maandishi yote ya mkutano ambao uongozi wa benki uliufanya kwa simu na wachambuzi baada ya kutangaza matokeo ya nusu mwaka iliyoishia tarehe 30 Juni 2025. Nimekufupishia yale yanayozigusa hisa zako, na kila ninapotoa maoni yangu badala ya maneno yao nimesema hivyo waziwazi. Faida baada ya kodi imekua kwa asilimia 11 kulinganisha na nusu ya kwanza ya mwaka jana. Hilo umeshalisoma gazetini, kwa hiyo silirudii.

Matarajio

Mwezi Machi uongozi ulisema kwamba mikopo ingekua kwa asilimia 15 hadi 18 mwaka huu. Sasa wanasema asilimia 13 hadi 15, lakini lengo la kukuza faida kwa asilimia 10 hawakuligusa. Walipoulizwa itawezekanaje, walijibu kwamba gharama zitapungua kwa kuhamishia miamala mingi kwa mawakala na kwenye simu. Kuhusu gawio, wameahidi kuendelea kugawa asilimia 35 hadi 40 ya faida, jambo ambalo si sawa na kuahidi kiasi fulani kwa kila hisa. Mwaka jana ulipata shilingi 60 kwa hisa, yaani shilingi 120,000, ukabakiwa na shilingi 114,000 baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Faida ikishuka, gawio nalo linaweza kushuka bila wao kuvunja ahadi yoyote.

Hatari

Hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu. Mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, imepanda kutoka asilimia 3.1 hadi asilimia 3.9 ya mikopo yote, na lengo la mwisho wa mwaka, ambalo awali lilikuwa chini ya asilimia 3.5, limesogezwa hadi chini ya asilimia 4.5. Bado wako ndani ya kiwango cha asilimia 5 kinachotakiwa na Benki Kuu, ila nafasi inazidi kuwa finyu. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na mikopo ya wakulima na wanunuzi wa alizeti wa Dodoma na Singida. Wewe unaijua hali yetu: mvua ni ya msimu mmoja, kwa hiyo mkulima ambaye mavuno yake yameuzwa kwa bei ya chini hana fedha nyingine ya kurejesha mkopo hadi msimu ujao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba fedha zilizotengwa kufidia hasara ya mikopo zimebaki karibu zilezile za mwaka jana, ilhali mikopo chechefu imeongezeka. Kwa maoni yangu, sehemu ya ukuaji wa faida imetokana na hapo, na italipwa baadaye iwapo wakulima hao hawatarejesha.

Hatari nyingine ni ndogo kidogo. Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 mwezi Julai, na uongozi unatarajia mapato ya hatifungani mpya kupungua. Mikopo ya watumishi wa umma, inayokatwa moja kwa moja kwenye mishahara, haijaonyesha tatizo.

Lugha ya uongozi

Katika hotuba iliyoandaliwa, Mkurugenzi Mtendaji alitumia maneno ya uhakika: "tutafikia", "tumejipanga". Maswali yalipoanza, lugha ilibadilika. Mchambuzi mmoja aliuliza ni mikopo kiasi gani ya kilimo iliyopangiwa upya ratiba ya marejesho, kwa kuwa mkopo wa namna hiyo unaweza usihesabiwe kuwa chechefu. Mkuu wa fedha alijibu kwamba wanafuatilia kwa karibu. Alipoulizwa mara ya pili alisema takwimu zitatumwa kwa maandishi. Mtu anayejua kiwango cha amana hadi nukta ya desimali, kama alivyofanya dakika chache kabla, naamini alikuwa na takwimu hiyo pia. Hata hivyo, kwa haki yao, ni wao wenyewe waliotangaza kushusha lengo la mikopo kabla ya kuulizwa, na sikuona mahali walipokanusha tatizo la alizeti.

Mimi si dalali wa hisa, na uamuzi ni wako. Lakini kabla ya kuongeza hisa nyingine ningesubiri matokeo ya robo ya tatu na kutazama mambo mawili: iwapo takwimu ya mikopo iliyopangiwa upya imetolewa, na iwapo fedha za kufidia hasara zimeongezwa. Zile ulizonazo sioni sababu ya kuziuza kwa sasa.