Supa Modo: kifo kipo, ila filamu hii haikusukumi ulie

Hukumu naitoa mapema, ili anayefikiria kununua tiketi asisubiri hadi aya ya mwisho: Supa Modo ya mwelekezi Likarion Wainaina ni filamu nzuri sana. Naipa nyota nne kati ya tano, na ningependa uitazame ukumbini pamoja na watu, si peke yako kwenye simu. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja.

Kisa chenyewe kinaingia katika sentensi mbili. Jo, msichana wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyo na tiba, anatolewa hospitalini na kurudishwa nyumbani kijijini Maweni. Dadake, Mwix, anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu kama mashujaa wa sinema anaowahusudu, na kijiji kizima kinajiunga na mpango huo. Zaidi ya hapo sisimulii.

Ukisikia habari za mtoto mgonjwa, unajiandaa kukamuliwa machozi. Kinachoiokoa filamu hii ni kwamba waandishi wake hawakuujenga mgogoro juu ya ugonjwa. Waliujenga baina ya watu wawili wanaompenda Jo kupita kiasi. Mama anataka mwanawe alale, apumzike, asiguse mpira, kwa kuwa kila siku anayoongezewa ni ushindi. Mwix anaona siku ya kulala kitandani si siku. Jaribu kuamua nani kakosea, utashindwa. Nilipokuwa tayari kumlaumu mama kwa ukali wake, nikamwona Marianne Nungo akimtazama bintiye, lawama ikaniisha. Nungo anaigiza kwa kujizuia. Maneno ni machache, mgongo umenyooka, na hofu yote imebaki machoni. Mama huyo ni mkunga. Watoto wa wenzake wamezaliwa mikononi mwake, naye wa kwake hana la kumfanyia. Jambo hilo filamu haikutengenezei hotuba. Inakuachia ulione mwenyewe.

Stycie Waweru, anayemwigiza Jo, ndiye moyo wa kazi hii. Watoto wagonjwa wa sinema huwa malaika wenye hekima ya wazee. Huyu si malaika. Ni mkaidi, ana kiburi cha mtoto anayejua filamu nyingi kuliko wewe, na akikasirika anakasirika kweli. Mtazame mezani, chupa ya chumvi iko mbele yake, naye ameikazia macho akijaribu kuisogeza kwa nguvu za akili tu. Mwigizaji wa kawaida angekunja uso kwa mikogo ili tucheke. Waweru anaifanya kama kazi, kwa makini, kama mtu anayejua kwamba jibu la chupa hiyo ni jibu la swali kubwa zaidi. Ukumbi ukacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Nyawara Ndambia kama Mwix anampokea vizuri: ni dada anayecheza huku akihesabu, kila tabasamu lake lina wasiwasi nyuma yake.

Ila sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni banda la video la Mike, msimulizi wa filamu pale kijijini. Yeyote aliyekulia Kenya anajua DJ Afro alivyozichukua filamu za mapigano kutoka Hong Kong na za mapenzi kutoka India akazitia sauti yake, akawapa waigizaji majina ya mtaani na kuwafanya watete kama majirani. Tanzania walikuwa na Lufufu kwenye vibanda umiza, na Uganda wana ma-VJ wao. Ni sanaa kamili, na kwa miaka wasomi wa filamu wameipita kama kelele. Wainaina ameiheshimu. Imani ya Jo haitoki kwenye picha za Wazungu wenye mabawa ya kitambaa. Inatoka kwa msimulizi aliyezileta picha hizo hadi mlangoni kwake kwa lugha anayoielewa. Ndiyo maana haishangazi mtoto huyu akiona ushujaa ni jambo linaloweza kutokea Maweni. Na ndiyo maana kijiji, kinapoamua kumwigizia, kinajua la kufanya: watu hawa wamefunzwa na banda hilo hilo.

Hapo ndipo penye onyesho bora la filamu. Watu wanaganda papo hapo walipo, kana kwamba Jo amesimamisha wakati. Hakuna hila ya kompyuta inayohitajika, ni watu wazima wameamua kusimama tuli kwa ajili ya mtoto mmoja. Enos Olik, mpiga picha, anakuacha uwatazame. Filamu yenye bajeti kubwa ingeonyesha nguvu za Jo. Hii inaonyesha gharama ya kuzitengeneza, na gharama hiyo ni mapenzi.

Lugha pia imekaa sawa. Kiswahili kinaingiliana na Kikuyu na Kiingereza kama kinavyoingiliana nyumbani, na hakuna anayezungumza kana kwamba anasoma taarifa ya habari. Nalitaja hili kwa sababu filamu zetu nyingi huangukia hapo hapo.

Sasa nyota niliyoizuia. Kwanza, Maweni ni kijiji chema mno. Katika Kenya ninayoijua, mtoto akiugua hivyo kuna harambee, kuna bili ya hospitali, kuna shangazi anayeuliza shamba litauzwa au la. Hapa suala la pesa karibu halisikiki. Sidai mahubiri juu ya umaskini; tumechoka nayo. Ila wema wa wanakijiji ungekuwa na uzito zaidi kama tungeona mmoja wao akipoteza kitu kwa kuusimamia. Wengi wanabaki nyuso zinazotabasamu. Pili, muziki mahali pengine unatangulia hisia. Nungo tayari ameshaniambia kila kitu kwa macho, sihitaji vyombo vinikumbushe kwamba ni wakati wa huzuni. Tatu, theluthi ya mwisho inakimbia. Filamu nzima ina dakika 74, na ningeongezewa kumi kwa furaha, zote nizitumie kwa mama.

Filamu hii ni tunda la warsha za One Fine Day Films, kampuni iliyotupa Soul Boy mwaka 2010, Nairobi Half Life mwaka 2012 na Kati Kati mwaka 2016. Mugambi Nthiga, aliyeshiriki kuandika Kati Kati, yumo pia katika kundi la waandishi wa hii, na filamu zote mbili zinakikabili kifo. Kati Kati ni nadhifu na baridi zaidi, inakupa mengi ya kufikiri. Supa Modo ina nyufa, lakini ndiyo ninayotaka kuirudia. Kule kwenye tamasha la filamu la Berlin, Februari 2018, jopo la watoto wa kitengo cha Generation Kplus liliitaja kwa heshima maalum. Naona watoto hao waliona sawasawa: hapa mtoto haonewi huruma, anaaminiwa.

Kwa wazazi: nendeni na watoto wa miaka minane kwenda juu. Hakuna matusi wala damu, ila kifo kinatajwa waziwazi na maswali yatakuja, pengine hata kabla hamjafika kituo cha matatu. Yajibuni. Na kama umefiwa na mtoto siku za karibuni, isubiri kidogo, au nenda na mtu wa kukushika mkono.